Kuwaunganisha watu wawili kwa barua pepe ili kila mmoja aione sababu yake

Kwa miaka mingi barua zangu za kuwaunganisha watu zilikuwa za namna hii:

> Rehema na Daudi, nimeona niwaunganishe. Rehema ni mhandisi mahiri, na Daudi ni mtaalamu wa takwimu ninayemheshimu sana. Nina hakika mna mengi ya kuzungumza. Nawaachia uwanja!

Majina nimeyabadilisha, lakini barua niliituma kweli. Wiki tatu zikapita kimya. Nikampigia Rehema, akaniuliza, "Kwani huyo mtaalamu wa takwimu ana shida gani na mimi?" Nikampigia Daudi, naye akasema, "Nilijua huyo mhandisi ndiye aliyekuomba, nikawa namsubiri aseme anachotaka." Kila mmoja alimwona mwenzake kuwa ndiye mwombaji, na hakuna aliyetaka kujitia kwenye shida ya mtu asiyemjua. Wala hawakuwa wakaidi. Mimi ndiye niliyewapelekea barua isiyo na sababu ndani yake.

Niliwaomba radhi wote wawili nikaanza upya. Mwongozo huu unafuata nilivyofanya mara ya pili, hatua kwa hatua, na barua zenyewe nimeziweka karibu kama zilivyokuwa ili uone kila mstari unafanya kazi gani.

Hatua ya 1: Andika sentensi mbili kabla ya barua yoyote

Chukua karatasi. Sentensi ya kwanza iseme mtu wa kwanza atapata nini kwa wa pili, na ya pili iseme wa pili atapata nini kwa wa kwanza. Sharti ni moja: kile anachokipata kiwe kitu kinachoweza kutajwa, kama jibu la swali fulani, data, mteja, fundi, nafasi ya kujaribu kifaa, au njia ya kufika kwa mtu mwingine. "Kubadilishana uzoefu" hakukubaliki hapa, wala "kushirikiana", wala "kupanua mtandao". Maneno hayo huandikwa pale mwandishi anapokuwa hajui sababu, na msomaji hulitambua hilo mara moja.

Mimi sentensi zangu za kwanza zilikuwa mbovu. Niliandika "Daudi atapata mtu wa vitendo" nikakwama. Kukwama huko kulinionyesha kwamba sikuwajua vya kutosha kuwaunganisha. Basi nikawauliza, kila mmoja kwa wakati wake, swali lilelile: ni kitu gani katika kazi yako ya sasa kimekukwamisha?

Rehema anasimamia pampu za mkono 64 kwenye visima. Huagiza vipuri mara moja kwa mwaka, na huagiza kwa kukisia. Mwaka mmoja vipira vya pistoni vilikwisha mapema na pampu zikasimama, huku fito za chuma zikijaa stoo bila kuguswa. Ila ana madaftari matano, moja kwa kila mwaka, ambamo kila pampu ilipoharibika yeye aliandika tarehe, kipuri alichobadilisha na siku ambazo pampu ilisimama. Daudi anafundisha takwimu, na wanafunzi wake hukokotoa mashine hudumu muda gani kabla ya kuharibika. Kilichomkera ni kwamba kila darasa hupewa mifano ileile ya vitabuni, mifano safi isiyo na pengo hata moja, na wanafunzi wakienda kazini wanakutana na kumbukumbu chafu wasijue waanzie wapi.

Sasa sentensi zikajiandika zenyewe:

> Rehema atapata hesabu ya kumwonyesha kila kipuri hudumu miezi mingapi, ili agizo lake la mwaka lisiwe la kukisia.
>
> Daudi atapata kumbukumbu halisi za miaka mitano, zenye mapengo yake, za kuwafundishia wanafunzi.

Angalia kwamba kila sentensi imeandikwa kwa lugha ya anayepokea. Rehema anasikia "agizo" na "kipuri", Daudi anasikia "kumbukumbu" na "mapengo". Hili lina chanzo chake. Mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza mwaka 1973 kwamba habari mpya mara nyingi hutujia kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali, kwa sababu marafiki wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua sisi. Ndiyo maana kuwaunganisha watu wa fani mbili kuna faida kubwa. Lakini umbali huohuo ndio unaofanya maneno ya upande mmoja yasisikike upande wa pili. Kama ningemwambia Rehema kuwa Daudi ni bingwa wa "uchambuzi wa muda hadi tukio", asingepata chochote cha kushika. Anayewaunganisha ndiye mkalimani, kwa kuwa ndiye pekee anayezielewa pande zote mbili.

Kuna wakati sentensi moja itajaa na nyingine itagoma. Kijana anatafuta ushauri kwa mtu aliyebobea, na ukijaribu kuandika huyo aliyebobea atapata nini, unabaki kutunga. Hapo usitunge. Hilo ni ombi la msaada, na mtu anaweza kulikubali kwa moyo mkunjufu kama limeitwa kwa jina lake: "Naomba umpe kijana huyu dakika ishirini, ana maswali matatu." Ukilivisha nguo ya faida kwa wote, ataigundua, na mara nyingine akiona jina lako kwenye sanduku lake la barua hataharakisha kufungua.

Hatua ya 2: Omba idhini kwanza, kwa kila mmoja peke yake

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayoamua mambo mengi. Ukiwaweka watu wawili kwenye barua moja bila kuwauliza, yule asiyetaka anabaki na njia mbili tu, ajibu kwa kujilazimisha au anyamaze na aonekane hana adabu. Tena umeshatoa anwani yake kwa mtu asiyemjua.

Anza na nani? Anza na yule ambaye muda wake ndio utakaoombwa zaidi, au ambaye kukataa kwake kunawezekana zaidi. Sababu ni ya kiutu: akikataa, yule mwingine hana haja ya kujua kwamba aliwahi kukataliwa. Kwa upande wangu nilianza na Daudi, maana kazi ya kukokotoa ingemwangukia yeye na wanafunzi wake.

> Mada: Naomba idhini yako kabla sijakuunganisha na mhandisi wa pampu
>
> Dkt. Daudi, habari za siku nyingi.
>
> Uliniambia wanafunzi wako wanahitaji kumbukumbu halisi za mashine zinazoharibika. Namfahamu Bi. Rehema, mhandisi anayesimamia pampu za mkono 64, ambaye kwa miaka mitano ameandika kwa mkono kila pampu iliyoharibika na kipuri kilichobadilishwa. Angependa kujua kila kipuri hudumu muda gani ili aagize ipasavyo.
>
> Nimefanya naye kazi kwenye mradi mmoja, kwa miezi minane. Madaftari nimeyaona, lakini sijayapitia kwa kina. Ni mali ya mwajiri wake, na ruhusa ya kuyatoa hajaiomba bado.
>
> Je, niwaunganishe? Kama muhula huu umebanwa au jambo lenyewe halikufai, niambie tu, na yeye sijamtajia jina lako katika hili.

Ipo mistari mitatu humo nisiyoiacha kamwe siku hizi. Wa kwanza ni ule unaosema nimemjuaje Rehema na kwa kiasi gani. "Miezi minane kwenye mradi mmoja" inampa Daudi kipimo cha kuupima ushuhuda wangu, ambacho "ni mtu makini sana" haiwezi kumpa. Kama unamjua mtu kwa kukutana naye mara moja mkutanoni, sema hivyo hivyo. Wa pili ni ule wa ruhusa ambayo haijaombwa. Kasoro iliyotajwa mapema ni taarifa tu, ila ikigunduliwa baadaye inakuwa lawama, na lawama hiyo itakuja kwako. Wa tatu ni mlango wa kutokea. Usiandike "natumaini hutokataa". Mpe sababu mbili zilizo tayari za kukataa, ili kusema hapana kumgharimu neno moja tu.

(Kwa kuwa barua yangu ya kwanza ilikuwa imeshawatajia majina, mstari wa mwisho kwa Daudi ulikuwa "nitamwambia Bi. Rehema tuahirishe, bila maelezo zaidi". Umbo la juu ni la hali ya kawaida, ambapo hujaharibu kitu.)

Asipojibu, ngoja wiki moja, kisha mkumbushe mara moja kwa mstari mmoja. Akinyamaza tena, hilo ni jibu. Usiende hatua ya tatu ukitumaini kwamba atalainika akishaona barua.

Akikubali, mwendee wa pili. Barua ya pili ni fupi zaidi, kwa sababu sasa unaweza kusema kwamba upande mwingine umekubali. Rehema kwangu ni dada wa kazini, kwa hiyo nilimwandikia kwa namna hiyo:

> Dada Rehema, habari za kazi. Dkt. Daudi, mhadhiri wa takwimu, amesema yuko tayari kuangalia kama madaftari yako yanaweza kuonyesha kila kipuri hudumu miezi mingapi. Wanafunzi wake ndio watakaokokotoa, na yeye atawasimamia. Nimemweleza kwamba ruhusa ya mwajiri haijaombwa. Niwaunganishe? Na nitumie anwani ipi?

Swali la mwisho linaonekana dogo lakini lina uzito. Programu ya barua pepe hukumbuka anwani za zamani na kuzijaza yenyewe ukianza kuandika jina. Mtu aliyehama kazi anaweza kuwa na anwani ambayo sasa inasomwa na mrithi wa kiti chake.

Kama mmoja wao ndiye aliyekuja kwako kuomba aunganishwe, mwambie akuandikie aya moja ya sentensi tano au sita, ambayo wewe utaipeleka kama ilivyo kwa yule mwingine: yeye ni nani, anataka nini hasa, na kwa nini kwa mtu huyo na si kwa mwingine. Kazi anaijua yeye kuliko wewe, kwa hiyo hutamwahidia asichokisema. Pia aya yenyewe ni kipimo. Aliyeshindwa kueleza anataka nini kwa sentensi sita, huyo hajawa tayari kukutanishwa na mtu mwenye shughuli nyingi.

Hatua ya 3: Barua yenyewe

Fungua barua mpya. Usijibu juu ya mazungumzo yako na Daudi na kumwongeza Rehema, maana yote mliyoandikiana huko chini yatakwenda naye, pamoja na yale uliyosema juu yake. Nimewahi kumwona mtu akisoma tathmini yake mwenyewe namna hiyo.

Waweke wote wawili kwenye `To`. Ukimweka mmoja kwenye `To` na mwingine kwenye `Cc`, wa pili ataelewa kwamba anapewa taarifa tu, na atakaa pembeni kama mtazamaji.

Hii ndiyo barua niliyoituma mara ya pili:

> Mada: Kumbukumbu za pampu 64: Mhandisi Rehema na Dkt. Daudi
>
> Mhandisi Rehema, Dkt. Daudi, habari zenu.
>
> Kama nilivyozungumza na kila mmoja wenu, nawaunganisha kuhusu madaftari ya matengenezo ya pampu.
>
> Dkt. Daudi: Bi. Rehema anasimamia pampu za mkono 64. Kwa miaka mitano ameandika kila pampu ilipoharibika: tarehe, kipuri kilichobadilishwa, na siku ambazo pampu ilisimama. Zimeandikwa kwa mkono na zina mapengo hapa na pale, aina ya kumbukumbu uliyosema wanafunzi wako hawaipati vitabuni.
>
> Mhandisi Rehema: Bw. Daudi anafundisha takwimu, na wanafunzi wake hukokotoa mashine hudumu muda gani kabla ya kuharibika. Kumbukumbu zako zikitosha, wanaweza kukadiria kila kipuri hudumu miezi mingapi, nawe ukapata pa kuanzia unapoandika agizo la mwaka.
>
> Madaftari ni mali ya mwajiri, na ruhusa ya kuyatoa haijaombwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza iwe ndogo: Mhandisi Rehema ampelekee Dkt. Daudi picha ya ukurasa mtupu wa daftari, wenye vichwa vya safu tu. Dkt. Daudi ataangalia kama yanayoandikwa yanatosha. Yakitosha, ndipo ruhusa iombwe.
>
> Mhandisi Rehema, naomba uanze. Mkishaandikiana, niondoeni kwenye mazungumzo.

Mada ya barua ina majina na jambo lenyewe, na jambo halikuachwa mwishoni kabisa mwa mstari mrefu, kwa sababu skrini ya simu hukata mada ndefu. Miezi sita baadaye mmoja wao akitafuta neno "pampu" ataipata. "Utambulisho" peke yake isingemsaidia.

Vyeo vinataka uangalifu. Faraghani Rehema ni dada kwangu, na Daudi namwita daktari. Kama ningeandika "Dada Rehema, Dkt. Daudi" kwenye barua ya pamoja, ningekuwa nimeshampanga mmoja chini ya mwenzake kabla hawajasalimiana. Kwa hiyo kwenye barua ya wote wawili kila mtu hubeba cheo chake cha kazi, au wote wawili majina matupu kama ndivyo wanavyozoea.

Nimeweka pia "Bi." na "Bw." mara moja kila upande, na sikufanya hivyo kwa kupamba. Kiswahili chetu husema "yeye" kwa mwanamke na kwa mwanamume, na yapo majina yasiyoonyesha. Mtu anaweza kumaliza kuisoma barua nzima bila kujua aanze kujibu kwa "Bwana" au "Bibi", na hofu ya kukosea inatosha kumfanya aahirishe kujibu hadi kesho, kisha hadi kesho kutwa.

Kila aya imeelekezwa kwa mtu mmoja, kwa jina na nukta mbili. Kwenye barua ya watu wawili neno "wako" linaweza kupotea, msomaji asijue ni wake au ni wa mwenzake. Ukishaandika, soma aya ya Daudi peke yake huku umefunika ya Rehema kwa kiganja. Je, Daudi anajua kwa nini ajibu? Kisha geuza. Aya ambayo haisimami peke yake irudishe kwenye ile karatasi ya sentensi mbili.

Hakuna sifa humo. Nilizifuta "mahiri" na "ninayemheshimu sana" nikaweka pampu 64 na miaka mitano. Sifa humlazimisha msomaji akuamini wewe, na vitu vinavyohesabika vinamwacha apime mwenyewe. Tena sifa huwa hazilingani. Umpe mmoja mistari minne na mwingine mmoja, wa pili ataiona tofauti hata kama hukuikusudia.

Kilichoachwa nje kina uzito sawa na kilichowekwa. Rehema aliniambia kuhusu ule mwaka vipira vilipokwisha na pampu zikasimama. Kwangu hiyo ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote, lakini ni siri ya kazini kwake, na mwenye kuisimulia ni yeye. Hivyo hivyo kwa bajeti ya mtu, mpango wake wa kuhama kazi, au ugomvi wake na wakubwa zake. Andika kana kwamba barua itapelekwa kwa mwajiri wa kila mmoja, maana inaweza kupelekwa.

Sasa mistari miwili ya mwisho. Barua yangu ya zamani ilisema "nawaachia uwanja", na uwanja ukabaki mtupu. Watu wawili wenye adabu wakiachiwa mlango mmoja, kila mmoja humpisha mwenzake. Taja nani aanze. Mara nyingi awe yule ambaye hatua ya kwanza iko mikononi mwake, au yule aliyeomba. Na hatua hiyo iwe ndogo kiasi cha kumalizika leo. "Pangeni kikao" inataka kalenda mbili zikubaliane. Picha ya ukurasa mmoja inataka simu na dakika moja, tena ukurasa ukiwa mtupu haivunji sharti la mwajiri. Namba za simu sikuziweka. Watapeana wenyewe wakiona vyema.

Barua nzima ina maneno yasiyozidi mia mbili. Yako ikizidi hapo kwa mbali, huenda umeanza kufanya mazungumzo yao kwa niaba yao.

Hatua ya 4: Kutoka, na kurudi mara moja

Rehema alijibu siku hiyo hiyo kwa `Reply all`, akaweka picha. Daudi alipojibu alinihamishia kwenye `Bcc` na kuandika mwanzoni, "Asante kwa kutuunganisha, nimekuhamishia Bcc." Huo ni ustaarabu mzuri, na ukiunganishwa wewe ufuate. Aliye kwenye `Bcc` huipata barua hiyo, akaona kwamba mazungumzo yameanza, lakini wengine wakijibu majibu yao hayamfikii tena. Ukihamishwa hivyo usibonyeze `Reply all` kushukuru, maana barua yako itawafikia wote na utajikuta umerudi katikati yao.

Wasipokutoa, jitoe mwenyewe kwa kukaa kimya. Usijibu swali ambalo mmoja amemuuliza mwenzake, hata kama jibu unalijua.

Siku tano za kazi zikipita na aliyeombwa aanze hajaanza, mwandikie yeye peke yake: "Bado lina nafasi kwako? Kama mambo yamebadilika, nitamweleza mwenzako." Usimkumbushe mbele ya mwenzake. Kama alianza na mwingine hajajibu, kabla hujamdhania vibaya mpigie simu au mtumie ujumbe umuulize kama barua imefika, kwa sababu barua kutoka anwani ngeni yenye picha inaweza kuangukia kwenye kapu la barua taka. Hii ndiyo sababu ya kuwasihi wajibu juu ya barua yako badala ya kuanzisha mpya.

Baada ya wiki tatu hivi, muulize kila mmoja peke yake kama ilimfaa. Majibu hayatafanana kila mara, na tofauti hiyo ndiyo itakayokufundisha nani umuunganishe na nani siku nyingine. Daudi aliniambia anaona atapata alichotaka. Rehema akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Daudi aliutazama ule ukurasa mtupu, akauliza mbona hakuna safu ya tarehe kipuri kilipofungwa. Bila tarehe hiyo, umri wa kipuri cha kwanza cha kila pampu haujulikani. Ila kuanzia cha pili unajulikana, kwa kuwa siku kipuri kimoja kilipotolewa ndiyo siku kinachofuata kilipofungwa. Ruhusa ya mwajiri ilikuja mwezi mmoja baadaye. Rehema hakuingoja. Siku ile ile alichukua rula na kalamu, akachora safu mpya kwenye daftari la sita.